Mkate wa bekari au wa kioski? Usianze kwa kubonyeza

Wengi wetu tukifika mbele ya rafu ya mikate hatuulizi neno. Tunanyoosha kidole gumba na kubonyeza. Kidole kikizama kwa urahisi, mkate unaingia kikapuni. Ukigoma kidogo, unarudishwa, na anayefuata naye anaubonyeza, mpaka jioni mkate wa watu umejaa mabonde kama barabara ya vumbi wakati wa mvua. Nami nilikuwa hivyo hivyo kwa miaka. Kilichoniachisha ni mkate wa kioski uliosahaulika juu ya kabati kwa siku nne. Nilipoushusha nikitarajia kuutupa, nikakuta ni laini kama siku nilipoununua. Mwenzake wa bekari, ulionunuliwa asubuhi ya jana yake tu, ulikuwa umeshakaza.

Kwa kidole changu, mkate wa siku nne ulikuwa "mpya" na wa jana ulikuwa "mzee". Basi hapa nitailinganisha mikate hiyo miwili: ule wa bekari, usiofungwa, wenye ganda, uliookwa leo, na ule wa kioski, uliokatwa slesi na kufungwa kwenye nailoni, uliotoka kiwandani. Kuna mambo matatu ya kupima: umri wake, kilichotiwa ndani yake, na unalipa kiasi gani kwa kila gramu. Ulaini unaweza kukudanganya katika yote matatu.

Mkate unapolala, nini hasa hutokea

Tumezoea kusema mkate umekauka, na neno hilo ndilo linalotupotosha. Mwaka 1852 Mfaransa mmoja, Jean-Baptiste Boussingault, alionyesha kwamba mkate huzeeka hata ukizuiwa usipoteze maji, na kwamba ukipashwa moto tena hurudi kuwa laini. Kama tatizo lingekuwa ukavu peke yake, moto ungeuzidishia.

Chanzo kiko kwenye wanga. Unga ukiwa ndani ya tanuri, punje za wanga hufyonza maji, huvimba na kulegea. Mkate ukianza kupoa, wanga ule huanza kujipanga upya taratibu, nyuzi zake zikisogeleana na kushikana kama fuwele. Sehemu ndogo ya wanga hujipanga ndani ya saa chache za kwanza, na hiyo ni ya faida: ndiyo inayofanya mkate ukatike vizuri badala ya kung'ang'ania kisu. Sehemu kubwa hujipanga polepole kwa siku kadhaa, na ndiyo inayoukazisha. Wakati huohuo maji ya nyama ya ndani yanahamia kwenye ganda. Kwa hiyo mkate ukilala, ganda lililokuwa likivunjika kwa mlio linakuwa kama ngozi ya kiatu, huku ndani kunakuwa kugumu na kwenye chengachenga.

Yako mambo mawili ya jikoni yanayotokana na hilo. La kwanza, friji ndilo adui mkubwa wa mkate, kwa sababu wanga hujipanga haraka zaidi kwenye baridi ya nyuzi chache tu juu ya sifuri kuliko kwenye joto la kawaida la nyumba. Friji huchelewesha ukungu, hilo ni kweli, lakini mkate wenyewe hukaza mapema. Friza ni habari nyingine: kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri karibu kila kitu kinasimama. La pili, mkate uliokaza haujafa. Ukipata joto la nyuzi 60 hivi na kuendelea, wanga hulegea tena, na ndiyo maana slesi ya jana ikipita kwenye tosta au kikaango hufufuka. Ila huo ufufuo ni wa muda mfupi. Ukipoa tena unakaza upesi, na safari hii unakuwa umepoteza maji kweli.

Kupima umri wa mkate wa bekari

Mkate usiofungwa una heri moja: umri wake uko wazi mbele yako. Anza na ganda. Saa chache baada ya kutoka tanurini ganda la mkate wa unga, maji, hamira na chumvi ni kavu, na ukilikandamiza kidogo kwa kidole linatoa mlio mdogo wa kupasuka. Kufika jioni mlio umekwisha. Kesho yake ganda linajikunja bila kuvunjika. Hapo bado ni mkate mzuri wa kula, ila usikubali kuuziwa kwa jina la mkate wa leo.

Harufu ni shahidi wa pili. Mkate mpya hunukia ngano iliyoungua kidogo na hamira, na harufu hiyo unaipata hata bila kuusogeza puani. Mkate wa jana unanuka kama karatasi, au haunuki chochote. Shahidi wa tatu ni chenga. Uinue uangalie chini yake: sinia lililojaa chenga kavu na unga uliotawanyika linakuambia mikate hiyo imeshikwashikwa na kuhamishwa mara nyingi.

Watu hupenda pia kugonga mkate kwa chini. Mlio wa tupu, kama wa kugonga kibuyu, maana yake mkate umeiva mpaka ndani. Hausemi kitu juu ya siku uliyookwa. Mkate wa jana ulioiva vizuri nao hulia vilevile.

Kisha kuna kuuliza, jambo ambalo wengi wetu tunaliona aibu. Namna ya kuuliza ina maana yake. Ukisema, "Dada, huu ni wa leo?" jibu ni "Wa leo, kaka," kila siku ya Mungu, hata bekari ikiwa imefungwa. Niligundua kwamba swali zuri ni lisiloweza kujibiwa kwa ndiyo:

"Dada, mikate ya pili leo inatoka saa ngapi?"

"Ya pili saa kumi, kaka. Hii ni ya alfajiri."

"Na iliyobaki jana mmeiweka wapi?"

Akacheka, akanionyesha kikapu cha pembeni. "Hiyo tunapunguza bei." Siku ile nilinunua miwili kutoka kwenye kikapu kile, kwa sababu nilikuwa na tosta nyumbani na sikuwa na sababu ya kulipia ganda linalolia.

Jihadhari na jambo moja: mkate wa bekari uliotiwa kwenye nailoni ungali moto. Utaona matone ya maji ndani ya mfuko. Mtu atakuambia matone hayo ni dalili ya upya, na kweli mkate ule ni wa leo. Lakini mvuke uliofungiwa unalowesha ganda na kuuandalia ukungu makao. Ukiununua, fungua mfuko ukifika nyumbani, uache upoe kabisa, kisha ndipo uufunge.

Kupima umri wa mkate wa kioski

Hapa vipimo vyote vya juu vinaanguka. Ganda ni laini tangu mwanzo, kwa sababu limefungiwa. Harufu imezibwa na nailoni. Na kidole, kama nilivyosema, hakina la kukuambia: mkate wa namna hii umetengenezwa makusudi ubaki laini.

Kinachobaki ni tarehe, nayo inataka kusomwa kwa akili. Baadhi ya mifuko ina tarehe mbili, ya kuokwa na ya mwisho wa matumizi. Hapo kazi imekwisha. Mingi ina ya mwisho tu. Dawa yake ni kuujua muda ambao kiwanda fulani huupa mkate wake. Siku gari la kuleta mikate linapofika, soma tarehe kwenye mkate ulioshushwa sasa hivi na uhesabu. Tuseme unakuta siku sita mbele. Basi tangu hapo, mkate wa chapa hiyo ulioandikwa kuisha kesho una siku tano tangu ulipofika, hata ukiwa laini kama pamba. Zoezi hilo unalifanya mara moja tu kwa kila chapa unayoinunua.

Baada ya tarehe, geuza mfuko uangalie kitako. Slesi ya mwisho na kona za chini ndizo mahali ukungu hupenda kuanzia, kwa sababu unyevu hukusanyika huko. Doa dogo la kijani au jeupe lenye manyoya linatosha kuuacha mkate wote. Kuna wanaokata sehemu ile na kula iliyobaki. Kwenye kitu chenye vitundu kama mkate, nyuzi za ukungu zinakuwa zimepenya mbali kuliko jicho linavyoona, kwa hiyo tupa.

Kuna uharibifu mwingine usioonekana kwa nje, na nauweka hapa kwa kuwa wengi wameukuta bila kuujua jina. Unakata mkate wa siku moja au mbili, hasa majira ya joto, unakuta katikati pana rangi ya kahawia hafifu, panateleza, na panatoa harufu ya nanasi lililooza. Ukimega, nyama ya mkate inavutika kama nyuzi za gundi. Kisababishi ni bakteria wa jamii ya Bacillus, ambao mbegu zao hutoka kwenye unga na kustahimili tanuri, kwa sababu katikati ya mkate joto halifiki hata nyuzi 100. Kuupasha moto hakusaidii. Na bekari ikikuuzia mkate wa hivyo mara mbili, tatizo liko kwenye unga au kwenye usafi wa vyombo vyao, halitaondoka kesho. Mimi kuna mahali niliacha kununua kwa sababu hiyo hiyo, ingawa walikuwa karibu na mlango wangu.

Kilichotiwa ndani

Mwaka 1961, katika kituo cha utafiti cha Chorleywood, Uingereza, ilibuniwa njia ya kukanda donge kwa nguvu kubwa kwa dakika chache tu, pamoja na viongeza kidogo, badala ya kuliacha liumuke kwa saa nyingi. Mikate mingi ya viwandani leo inafuata njia hiyo au ndugu zake. Muda uliopunguzwa lazima ufidiwe na kitu, na kitu hicho ndicho tunachokiita kiboresha unga. Huwa ni poda iliyochanganywa tayari, inayotiwa kidogo sana ukilinganisha na unga wenyewe.

Ukisoma lebo ya mkate wa kioski, majina yatakuchosha, lakini kazi zake ni nne tu.

Ya kwanza ni kuimarisha gluteni, ule utando unaoshika hewa, ili mkate upande juu bila kuporomoka. Asidi askobiki, E300, ndiyo inayotumika sana. Ni vitamini C ileile, ila usidhani utaipata kwa kula mkate, kwa sababu huharibika tanurini. Ya pili ni kulainisha, na hapa utakuta E471, E472e au E481. Hivi ni viungo vya asili ya mafuta vinavyoshikamana na wanga na kuuchelewesha kujipanga. Ndivyo vinavyokifanya kidole chako kikuambie uongo. Ya tatu ni vimeng'enya, hasa vile vinavyokatakata wanga, navyo hufanya kazi hiyohiyo ya kuchelewesha ukavu. Katika nchi nyingi havilazimiki kuandikwa kwenye lebo, kwa hoja kwamba huharibiwa na moto. Kwa hiyo mkate wenye orodha fupi na ulaini wa siku tano haujafanya muujiza. Ya nne ni kuhifadhi: E282, chumvi ya kalisi ya asidi propioniki, huzuia ukungu na pia ule uharibifu wa nyuzi nilioutaja. Kama umewahi kufungua mfuko ukapata harufu kali kidogo inayokumbusha jibini, huenda ndiyo hiyo.

Maoni yangu: hivyo vinne havinitishi. Sili E471 kwa furaha, lakini sioni sababu ya kumkataza mtu mkate kwa ajili yake. Kilicho tofauti ni bromati ya potasiamu, E924. Nayo huimarisha gluteni, tena vizuri mno: mkate unapanda, unakuwa mweupe na wenye vitundu sawasawa. Mwokaji akitia kipimo sahihi na kuoka mpaka mwisho, sehemu kubwa hugeuka kuwa kitu kisicho na madhara. Akizidisha, au akiutoa mkate mapema, mabaki hubaki. Mwaka 1999 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1990, Kanada 1994, India 2016, na nchi nyingine nyingi. Si zote.

Na hapa ndipo ulinganisho unapogeuka. Tunaamini mkate wa kiwandani umejaa dawa na wa bekari ni safi kama wa bibi. Huwezi kujua. Mkate wa kioski una lebo, na lebo hata kama si kamili ni maneno ambayo mtu anaweza kubanwa nayo. Mkate usiofungwa hauna chochote. Bekari ndogo inaweza kununua gunia la unga na pakiti ya kiboresha bila hata mwokaji kujua ndani kuna nini. Kwa jicho huwezi kuona bromati, wala hakuna kipimo cha jikoni cha kuigundua.

Unachoweza kuona ni dalili za kiboresha kwa jumla. Mkate ni mkubwa mno kwa uzito wake. Vitundu vyake ni vidogo na vinafanana vyote. Ukiuminya mkononi unashikana kuwa kidonge cha donge na haurudi. Na zaidi ya yote, mkate "wa asili" usiofungwa unaobaki laini mpaka siku ya nne una kitu ndani, labda sukari na mafuta mengi, ambavyo navyo huchelewesha ukavu, labda kiboresha. Ukikaza siku ya pili, hiyo si kasoro. Ni unga na maji tu vikifanya kawaida yao.

Muulize mwokaji mwenyewe, si muuzaji wa mbele: "Mnatumia kiboresha gani? Naomba kuona pakiti." Anayejua kazi yake hatakasirika, atakuonyesha. Na usiishie kwenye maandishi makubwa ya mbele yanayosema haina bromati. Geuza nyuma usome orodha.

Bei kwa uzito

Tuingie kwenye mizani. Hii ni hesabu niliyoifanya kwa mikate niliyoipima mwenyewe kwenye mizani ndogo ya jikoni. Bei nimezigeuza kuwa namba rahisi, weka sarafu yako. Gawanya bei kwa gramu, zidisha kwa 100, basi.

| Mkate | Bei | Uzito halisi | Bei ya gramu 100 |
|---|---|---|---|
| Wa bekari, usiofungwa | 50 | gramu 380 | 13.2 |
| Wa kioski, slesi, mdogo | 60 | gramu 398 | 15.1 |
| Wa kioski, slesi, mkubwa | 110 | gramu 800 | 13.8 |
| Midogo ya mviringo, sita | 60 | gramu 270 | 22.2 |

Midogo ya mviringo ndiyo iliyonishangaza. Mmoja kwa 10 unaonekana ni bure, kumbe ndiyo mkate ghali kuliko yote mezani. Unalipia mkono uliouviringisha.

Sasa linganisha miwili ya juu. Nilipima pia urefu, upana na kimo. Wa kioski ulikuwa sentimita 20 kwa 10 kwa 10, wa bekari 21 kwa 9 kwa 8. Ukizidisha, wa kwanza unachukua nafasi 2000 na wa pili 1512. Kwa jicho, basi, wa kioski ni mkubwa kwa karibu theluthi moja. Kwa mizani umezidi kwa gramu 18 tu. Tofauti iliyobaki ni hewa, na bei umeiongeza kwa asilimia 20. Ndiyo maana sinunui tena mkate kwa kuutazama kimo.

Mizani nayo ina mipaka yake. Takriban theluthi moja ya uzito wa mkate, au zaidi kidogo, ni maji. Mkate usioiva sawasawa ni mzito zaidi kwa sababu maji hayajatoka, na kwa hesabu yangu ungeonekana wa bei nafuu. Utaujua kwa kisu: ukikata, kisu kinatoka na utelezi, na chini karibu na kitako pana mstari mzito kama uji ulioganda. Pia mkate huendelea kupungua uzito baada ya kutoka tanurini, hasa usiofungwa. Kwa hiyo wa bekari upime ukiwa umepoa, na ukikuta gramu chache pungufu jioni usimwite mtu mwizi. Mwizi ni yule ambaye mikate yake mitano, iliyopimwa asubuhi tofauti, yote inapungua kwa kiasi kilekile.

Wenye mfuko huwa na uzito ulioandikwa. Toa nailoni yake, pima, linganisha. Mkate mmoja pungufu kwa gramu tano si habari. Kama muuza kioski ana mizani ya sukari, muombe akupimie palepale. Mara ya kwanza atakushangaa, mara ya tatu atakupimia kabla hujaomba.

Nani anunue upi

Bei ya gramu 100 haijakamilika mpaka uhesabu unachotupa. Chukua mtu anayeishi peke yake, anakula gramu 100 kwa siku, yaani slesi tatu nne. Mkate wa bekari wa gramu 380 unamtaka siku nne. Siku mbili za mwanzo anakula kwa raha, ya tatu anakula nusu ya kawaida yake kwa kujilazimisha, ya nne anakuta ukungu kwenye upande uliokatwa. Amekula gramu 250 kwa 50. Kila gramu 100 imemgharimu 20. Huyu, akinunua ule wa kioski wa 60 na kuumaliza wote kwa siku nne, atalipa 15.1. Ule ulioonekana ghali ndio nafuu kwake, na kinachompa nafuu hiyo ni vile vilainishi na E282. Ni lazima nikiri hilo ingawa moyo wangu uko bekari.

Ila akiwa na friza, hesabu inageuka tena. Akate mkate wa bekari slesi siku ileile, ukishapoa, afunge nusu kwenye mfuko usiopitisha hewa na kuiweka friza. Asubuhi anatoa slesi mbili na kuzitia kwenye tosta moja kwa moja bila kuziyeyusha. Hatupi kitu, na bei yake inarudi 13.2.

Nyumba ya watu wanne wanaokula gramu 90 kila mmoja asubuhi inamaliza gramu 360 kwa kikao kimoja. Kwao ulaini wa siku ya nne hauna kazi yoyote. Wanalipia kitu wasichokitumia. Mkate wa bekari wa alfajiri ndio wao, na wakipata ule wa jana uliopunguzwa bei, kikaango kipo.

Mtu wa tatu ni anayefungashia watoto mkate wa shule. Mkate wenye ganda ukifungwa kutoka asubuhi mpaka saa sita unakuwa mgumu kwa meno madogo, na chenga hujaa begi. Hapo chagua ule mkubwa wa gramu 800 wa kioski, uliofika leo kwa hesabu yako ya tarehe. Kabla ya kulipa, geuza kitako uone kona, kisha soma orodha mpaka mwisho ukitafuta E924. Usipoiona, lipa. Kidole kiache mfukoni.